Wiki tatu bila pombe, usingizi bado haujarudi

Swali: Daktari, nilikunywa karibu kila siku kwa miaka 12. Nimeacha, leo ni wiki ya tatu. Naingia kitandani saa 3 usiku, usingizi unanijia saa 6, na saa 10 alfajiri macho yako wazi. Naota nakunywa. Jamaa yangu amenipa vidonge vya diazepam, mwingine anasema ninywe kidogo tu kabla ya kulala. Nishike lipi?

Jibu: Usishike hata moja. Huyo wa "kidogo tu" ndiye anayewarudisha wengi kwenye chupa, kwa sababu ushauri wake unafanya kazi usiku wa kwanza. Pombe humlaza mtu haraka, kisha ikiisha mwilini humwamsha. Kukosa usingizi kwako si dalili kwamba mwili unaihitaji. Kwa miaka hiyo yote pombe iliusaidia ubongo kutulia, nao ukajizoesha kwa kupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza msisimko. Umeondoa pombe, msisimko umebaki. Hupungua taratibu, mara nyingi kwa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi. Ndoto nazo zina sababu: pombe hubana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ikiondoka ndoto hurudi kwa fujo. Kuota unakunywa si kurudia kunywa.

Diazepam hugusa palepale pombe ilipogusa. Hospitalini tunaitumia siku chache za mwanzo, kwa dozi inayoshuka, mgonjwa akiangaliwa. Vidonge vya kupewa na jamaa wiki ya tatu vitakuachia utegemezi mwingine, na siku ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika.

Kinachokuumiza sasa ni zile saa tatu za kugaagaa kitandani. Ingia saa 5 na nusu usiku, amka saa 11 na nusu alfajiri kila siku, hata kama hukulala vizuri, na mchana usijilaze. Usingizi usipokuja, toka kitandani ukakae penye mwanga hafifu mpaka uusikie. Ukiona sasa unalala karibu muda wote huo, ingia kitandani dakika 15 mapema zaidi. Lakini kama umewahi kupata degedege, usijibane saa za kulala bila daktari wako.

Nawaona pia wauzaji wa "dawa ya kukata pombe", ya kutiwa kwenye chakula cha mlevi kwa siri. Baadhi huwa na disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, na asiyejua amelishwa akinywa, presha yake inaweza kuporomoka vibaya. Wengine humwambia mnywaji wa kila siku aache ghafla, ajifungie ndani. Degedege huja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na homa huja kati ya siku ya pili na ya nne, na huua. Mwenye kutetemeka asubuhi kabla ya glasi ya kwanza aanzie hospitalini.