Saa sita usiku si saa yenu

*Shangazi, mimi na mume wangu tunaishi Maweni, Malindi. Nina miaka 32, watoto watatu, wote wanasoma. Naamka saa tisa usiku kukanda mahamri, nauza na mbaazi mpaka saa nne asubuhi. Yeye anaendesha tuktuk kuanzia saa nane mchana, anatafuna muguka asisinzie, anarudi saa sita usiku. Akirudi huniamsha akinitaka, nami mwili umekufa. Idi iliyopita tulipumzika siku nne tukawa kama maarusi. Kazi ziliporudi, hamu ikapotea. Sasa ananiuliza kama nina mwingine. Nampenda. Nifanyeje?*
*Mama Watatu*

Mwanangu, zishike sana hizo siku nne za Idi. Mwanamke ambaye mapenzi yamemtoka au ana maradhi si rahisi afufuke kwa siku nne za kulala. Wewe ulifufuka. Basi mweleze mumeo hivyo hivyo, mchana, akiwa ametulia: "Unakumbuka Idi? Yule ndiye mimi nikishalala."

Ukilala saa tatu, ukaamshwa saa sita, ukaamka tena saa tisa, hujapata usingizi, umepata vipande viwili. Mwili uliochoka hivyo huweza kutoa kotisoli zaidi, homoni ya msongo, na mambo ya kitandani huyaweka nyuma kabisa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wanawake vijana siku baada ya siku. Kila saa moja ya usingizi iliyoongezeka ilipandisha kwa asilimia 14 uwezekano wa wao kukutana na wenzi wao siku iliyofuata. Saa moja tu, mwanangu.

Kwa hiyo la kwanza ni kuondoa saa sita usiku. Aingie polepole, alale. Unga nao, kama mna friji, ukande baada ya Isha kwa hamira pungufu, uufunike na kuuweka humo uumuke taratibu, nawe uamke saa kumi kuusukuma na kuukaanga. Bila friji usijaribu, joto la Malindi litauchachusha.

La pili ni saa ambayo naona mnaipoteza. Saa nne asubuhi umerudi, watoto wako shule, yeye hajatoka. Mna nyumba tupu mpaka saa nane! Najua saa hizo unafua na kukuna nazi za kesho. Chagueni siku mbili, tuseme Jumanne na Alhamisi, nguo zingoje. Oga, ulale kwanza saa nzima, yeye akune nazi. Ukiamka ndipo mkae pamoja, na mtapata muda wa kuoga janaba kabla ya Adhuhuri.

Hapa wengi hukosea. Hungoja hamu ije ndipo waguswe, ilhali kwa wanawake wengi, hasa walio ndani ya ndoa ya miaka, hamu huja baada ya kuguswa, mwili ukishatulia. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo wekeni ahadi kwamba hakuna tendo, hata mkitamani. Ni kusingana tu: mafuta ya nazi ya vuguvugu, mgongo, miguu, robo saa kwako, robo saa kwake, mkisemezana panapopendeza. Ahadi hiyo ina kazi. Ukijua mkono wake hautadai zaidi, mwili unaacha kujikaza. Wataalamu wa ndoa hutumia njia hii miaka mingi, na bibi zetu wa pwani waliokuwa wakimsinga bwana kwa liwa hawakuwa mbali nayo. Wiki ya tatu endeleeni kama mwili unaitika, na siku usipoitika, mwambie "leo nisinge tu", naye asinune. Akinuna, mtarudi mwanzo.

Mumeo naye ana sehemu yake. Muguka wa usiku humnyima usingizi mpaka alfajiri. Aukome saa kumi na moja jioni, na ikibidi afunge kazi saa nne usiku siku mbili kwa wiki. Wanaume nao hupungua: vijana wenye afya waliolazwa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja walishuka testosteroni kwa asilimia 10 hadi 15.

Mjipe wiki nane. Ikiwa umelala vizuri na bado hamu haiji, au unaumia mnapokutana, au una kizunguzungu na kuhema ukipanda ngazi, nenda kliniki upimwe damu. Mwambie muuguzi pia unatumia njia gani ya uzazi, maana sindano ya miezi mitatu huwapunguzia hamu baadhi ya wanawake, na kuna nyingine za kubadilisha. Ukiona huzuni haikutoki na hata vitu vingine ulivyovipenda havikupendezi, hilo pia lisemee huko.

Jumanne ikifika, mwache yeye ndiye apashe mafuta.