Tupande leo au tungoje? Kuandika muswada wa katuni ya dakika tatu kuhusu mvua zinazobadilika

Katuni nyingi za aina hii huharibikia mahali pamoja: mhusika anapewa swali ambalo jibu lake linajulikana tangu mwanzo. Mzee mkaidi anapanda kwa mazoea, kijana anafuata utabiri, mzee anaumbuka. Mtazamaji wa miaka 15 anaunusa mtego huo mapema, kisha anaacha kusikiliza. Basi kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, tafuta uamuzi unaouma pande zote mbili.

Tunaoupendelea ni huu: mvua ya kwanza imenyesha, tupande leo au tungoje? Ukipanda na jua likawaka siku kumi na zaidi, mahindi yanaota kwa unyevu uliopo, kisha miche inakauka kwa kuwa mizizi bado mifupi. Mbegu imekwenda. Ukingoja wiki mbili, mbelewele nazo zitachelewa kiasi hicho hicho, na mvua zikikatika wakati huo magunzi yatabaki na punje za kuhesabu. Kipimo kimoja cha mwanzo wa msimu kinachotumika sana ni milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, bila kufuatwa na kipindi kikavu cha zaidi ya siku 7 au 10 katika mwezi unaofuata. Tatizo ni kwamba nusu ya pili ya kipimo hicho hakuna anayeijua siku ya kupanda. Muswada wako uishi ndani ya pengo hilo.

Chukua mfano. Neema, miaka 16, ameachiwa uamuzi na mama yake. Shamba ni ekari moja, mbegu kilo 10, zinazotosha kupanda mara moja tu, na hakuna fedha ya kununua nyingine. Kipima mvua kinasoma milimita 22. Utabiri wa msimu unasema uwezekano wa mvua chini ya wastani ni asilimia 45, wastani 35, juu ya wastani 20. Hapa waandishi wengi huteleza: wanageuza asilimia 45 kuwa “mvua zitakuwa haba”. Zaidi ya hayo, utabiri wa msimu unazungumzia jumla ya mvua; haukuambii kama wiki ijayo itakuwa kavu. Mwache Neema agundue hilo mwenyewe.

Anayempinga naye awe na hoja ya kweli:

MAMA: Msimu uliopita tulingoja. Mahindi yalitoa mbelewele, mvua ikakata.
NEEMA: Na ule wa kabla yake?
MAMA: Tuliwahi. Tukapanda mara mbili.

Mistari mitatu, hakuna hotuba, na neno “tabianchi” halijatajwa. Msimu mmoja mbaya hauthibitishi mabadiliko yoyote, kwa hiyo mabadiliko yenyewe yaonyeshe kwa daftari la bibi lenye tarehe za kupanda: kurasa za mwanzo tarehe zinakaribiana, za mwisho zimetawanyika kwa wiki kadhaa. Picha ya sekunde nne inatosha.

Kwa sekunde 180, maneno yanayosemwa yasizidi 250, la sivyo picha hazitapata nafasi. Uamuzi uwe umefika kwenye sekunde ya 70. Ukichelewa hadi ya 120, matokeo yatasimuliwa kwa mdomo badala ya kuonekana. Siku 12 za jua zipite kwa sekunde nane: udongo ule ule, kwa pembe ile ile, ukipasuka hatua kwa hatua. Mvua nayo iandike kwa ubahili, maana kuichora ikianguka juu ya watu wanaotembea ni kazi nzito. Iweke kwenye picha mbili, kwingine isikike juu ya bati. Wachoraji watakushukuru.

Neema anaamua kugawa: kilo 5 leo, kilo 5 baadaye. Usiufanye huo kuwa ujanja wa bure. Nusu ya kwanza inakauka. Ya pili inavunwa, lakini magunzi hayakujaa. Palizi nayo haiji kwa wakati mmoja, na hilo lionekane.

Muswada ukikamilika, usomeni kwa sauti mbele ya vijana wanane hadi kumi, msimame kwenye sekunde ya 70. Kila mmoja aandike chaguo lake kabla ya kuzungumza, kwa sababu mmoja akisema kwanza wengine humfuata. Karibu wote wakichagua kungoja, ongeza gharama ya kungoja: mbegu iwe ya siku 120 badala ya 90. Karibu wote wakitaka kupanda leo, mpe mama kumbukumbu mbaya zaidi ya mbegu iliyopotea. Wakianza kubishana, mpelekee mchoraji.