Kodi ilipandishwa elfu hamsini, nikabaki na chumba changu

Juzi dada mmoja kaniandikia, mwenye nyumba anampandishia kodi halafu anataka miezi sita kwa mkupuo, afanyeje. Dada yangu nimekuelewa sana maana mimi yalinikuta hapa Tabata.

Nilikuwa nalipa laki mbili kwa mwezi, chumba na sebule. Mzee akaja Alhamisi saa mbili asubuhi, mkataba unaisha wiki mbili mbele, anasema sasa ni laki mbili na nusu, miezi sita, yaani milioni moja na nusu. Mfukoni nina laki sita na themanini, kazini mkataba umeisha, mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nikavaa shati la kazi na kitambulisho shingoni ndo nikatoka kumsalimia. Ndio, nilidanganya kwa nguo, sijutii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Watu wanakiulizia hicho chumba kila siku."

Sasa chumba cha jirani kiko tupu tangu mwezi wa nane, kufuli lina kutu! Nikanyamaza. Nikamwambia mzee wangu, hiyo nyongeza kwa miezi sita ni laki tatu, lakini mimi nikitoka na chumba kikakaa miezi miwili bila mtu umepoteza laki tano kwa hiyo bei yako mpya, na rangi utapaka. Hapo hajanijibu hesabu, kaniuliza, "Kwani hapo ulipo una shilingi ngapi?"

Jamani hilo swali ndo kila kitu. Mtu asiye na shida haulizi una ngapi kabla bei haijakubaliwa. Mimi pia nilikuwa natetemeka, maana kuhama ni miezi sita kwingine pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ningeitoa wapi. Ila yeye hakujua.

Nikasema naweza miezi mitatu, leo hii, kwa bei ya zamani. Akasema laki mbili na thelathini. Tukagombana kidogo, mke wangu akatoka na tumbo lake kuleta chai (nilimwambia asitoke!), mzee akaliangalia tumbo, akatabasamu, akagoma kushuka chini ya laki mbili na ishirini. Nikalipa laki sita na sitini, nikabaki na elfu ishirini.

Kwa hiyo wapangaji wenzangu tuache kulialia kwa mwenye nyumba. Ukishamwambia sina hela umemuuzia silaha. Hesabu vyumba vitupu kwanza, usitaje uwezo wako, na mkikubaliana iandikwe kwenye mkataba na risiti upewe, maneno ya mdomo yanasahaulika kodi ikifika.

Baadaye nikasikia siku ile mzee alikuwa anatafuta ada ya mwanae, mwisho Ijumaa. Na jirani aliyeingia chumba kile kitupu analipa laki mbili.