Miezi mitatu barabarani, kisha mwili ukagoma

Mimi ni dereva wa malori, nyumbani kwangu ni Uyole, Mbeya. Njia yangu ni Dar, Tunduma, kisha Zambia mpaka Kongo. Kuna kipindi nilimaliza miezi mitatu bila kulala nyumbani. Uyole nilikuwa naipita tu: nasimama robo saa kando ya barabara, namkabidhi mke wangu hela ya ada, naondoka.

Siku niliyopewa mapumziko nilifika saa tano usiku. Foleni ya Tunduma ilikuwa imeninyima usingizi siku mbili, na kichwani nilikuwa na makopo matatu ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Mama watoto alikuwa ameshabandika maji ya kuoga. Tulipoingia kitandani uume ulisimama kidogo, ukalegea. Usiku wa pili nilianza kuuwaza tangu jioni, nikawa nausikilizia kama injini yenye kasoro. Haukuamka kabisa. Mke wangu akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza taratibu, "Baba watoto, huko njiani kuna mwenzangu?" Hakukuwa na mtu, lakini ningemthibitishia kwa nini?

Siku ya tatu nikaenda duka la dawa nikanunua sildenafili bila kuulizwa swali hata moja. Niliimeza nikiwa nimetoka kula kitimoto sahani nzima, nikasubiri dakika ishirini. Nilichopata ni kichwa kuuma na uso kuwaka. Baadaye ndipo nilipoelewa: dawa hiyo huchukua kama saa moja, mafuta ya chakula huichelewesha, na haileti hamu. Inasaidia damu kuingia pale ambapo hamu ipo tayari, na hofu yangu ilikuwa imeshaifukuza. Tena mtu anayetumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua akichanganya na hiyo, presha inaweza kushuka mpaka akafa. Nisingependa dereva mwenzangu yeyote ainunue kama nilivyoinunua mimi.

Daktari niliyemwendea aliuliza swali moja lililonifungua macho: "Alfajiri ukiamka, unakuta umesimama?" Nikafikiri. Ndiyo, hata ndani ya lori. Akasema basi mishipa inafanya kazi. Mwanaume mzima husimama mara kadhaa usiku akiwa usingizini, bila kujua. Kama usingizini inawezekana na mbele ya mke haiwezekani, mara nyingi kizuizi ni mawazo. Mtu akiwa na wasiwasi mwili humwaga adrenalini, ileile inayokushtua breki zikigoma kwenye mteremko wa Kitonga, na adrenalini hubana mishipa ya uume damu isijae. Ukishindwa mara moja, kesho unaingia na hofu ya kushindwa, na hofu hiyo ndiyo inayokuangusha tena.

Hata hivyo alinipima sukari na presha, zote zikawa sawa. Akataka nije na mke wangu. Mbele yetu wote wawili akasema: siku saba hakuna tendo la ndoa, hata uume ukisimama. Siku mbili za mwanzo nilale tu, bila pombe na bila yale makopo. Kuanzia siku ya tatu tushikane na kupapasana mgongo, mabega, miguu, tukiacha sehemu za siri. Siku ya tano na kuendelea tuguse popote, lakini tusiingiliane.

Mke wangu alicheka, akadhani ni mzaha. Usiku wa nne tulikuwa tumejifunika blanketi mbili kwa baridi ya Juni, ananikanda bega linaloumia kwa usukani, ananieleza jinsi mvua ilivyomharibia viazi shambani. Nikagundua umesimama, na nilikuwa nimesahau kuuchunga. Ukalegea, ukarudi tena. Hatukuharakisha. Siku ya nane tulirudiana kama mke na mume.

Hii haimfai kila mtu. Kama tatizo limekuja polepole, kama hata alfajiri husimami tena, au una kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, usiendelee kusingizia mawazo. Sukari huharibu mishipa na neva za uume. Pia mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaweza kuanza kuziba kabla moyo haujalalamika. Nenda ukapimwe kwanza. Na aliyemeza dawa, uume ukabaki umesimama kwa muda unaozidi saa nne, asisubiri asubuhi, akimbie hospitali usiku huohuo.

Kwetu tumeweka utaratibu. Nikifika Igawa nampigia simu, nauliza watoto, namwambia nimelala saa ngapi jana. Kama sikulala, ananijibu, "Basi leo unakuja kulala, baba watoto," nami naendesha kuelekea Uyole bila lile fundo tumboni.