Maswali na majibu: shindano la nyumba iliyopambwa vizuri mtaani

Tunataka kushindanisha nyumba mtaani kwetu Mbagala kuukaribisha Mwaka Mpya. Kuna mwenye ghorofa na kuna mwenye chumba na baraza. Tuweke vigezo gani ili mwenye pesa asishinde kabla hata hatujaanza? (Mwanakamati, Dar es Salaam)

Vigezo vyenu vipime kazi iliyofanyika, nyumba yenyewe muiache kando. Kigezo kiitwacho "mwonekano wa nyumba" kifuteni kabisa, kwa sababu hapo ghorofa lenye vigae limeshachukua alama mwenyewe hajatundika hata ua moja. Katika alama 100, mimi ningegawa hivi: ubunifu 30, ufundi 30, mapambo kupatana na nyumba yenyewe 25, na taa za usiku 15. Taa nimezipa kidogo kwa makusudi. Hizo hununuliwa dukani, na mwenye kununua nyingi ndiye atakayeng'aa.

Kila kigezo kielezwe kwa maneno ambayo jaji na mshindani watayaelewa sawasawa. Kwenye ufundi, kwa mfano, jaji asimame hatua tatu kutoka mlangoni na aangalie: kuti limesukwa kwa ulinganifu au limefungwa fungwa tu? Kamba zimefichwa? Rangi imeishia kwenye mstari au imechuruzika sakafuni? Tao la makuti mabichi lililosukwa vizuri mlangoni halina gharama kubwa mahali penye minazi, na kwa ufundi linaweza kulishinda pazia la bei mbaya lililoning'inizwa upande. Ila kuti bichi hunyauka upesi na kugeuka manjano, kwa hiyo nyumba zote zikaguliwe siku moja. Mkikagua nusu Jumamosi na nusu Jumatatu, wa Jumatatu mtakuwa mmewaonea.

Usalama msiupe alama. Uwe sharti la kuingia. Mshumaa karibu na makuti makavu, au waya uliochubuka ukapitishwa juu yake, unaweza kuchoma nyumba, tena na ya jirani. Ukiwa ni alama 10 tu, mtu atazipoteza hizo na kuzifidia kwenye ubunifu. Fundi umeme apite mchana, na atakayeonekana na hatari arekebishe kabla ya jioni, akikataa, hakaguliwi.

Umeme ukikatika majaji wakiwa njiani? (Msomaji, Tabata)

Andikeni kanuni hiyo kabla, maana siku yenyewe kila mtu atapendekeza ile inayomfaa. Alama 85 zitolewe mchana, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na zile 15 za taa baada ya magharibi. Umeme ukikatika kabla nyumba zote hazijaonwa usiku, alama za taa zifutwe kwa wote, pamoja na waliokwisha kuonwa. Mwenye jenereta au taa za sola asifaidike na giza la wenzake. Hakikisheni pia kwamba karatasi za mchana zimekusanywa na katibu kabla ya mzunguko wa usiku, ili jaji asirudi kuzibadilisha.

Mwaka jana majaji walikuwa watano. Wanne waliipenda nyumba moja, lakini tulipojumlisha alama ikashinda nyingine. Watu wakasema tumehongwa. Tulikosea wapi? (Katibu wa kikundi cha vijana, Temeke)

Huenda hakuna aliyehongwa, ndugu yangu. Tatizo ni kujumlisha. Chukua mfano huu wa nyumba namba 4 na namba 7. Jaji wa kwanza kaipa namba 4 alama 80 na namba 7 alama 76. Wa pili 78 na 75. Wa tatu 82 na 80. Wa nne 81 na 79. Wote wanne wameiweka namba 4 mbele, kwa tofauti ndogo. Jaji wa tano ni mtu wa kutoa alama kwa mikono miwili au kunyima kabisa: namba 4 kaipa 40, namba 7 kaipa 92. Jumlisha sasa: namba 4 ina 361, namba 7 ina 402. Mtu mmoja kawashinda wanne, na pengine kwa nia safi kabisa. Ndivyo anavyotoa alama.

Dawa yake ni kugeuza alama za kila jaji kuwa nafasi. Nyumba aliyoipa alama nyingi kuliko zote inaandikwa 1, inayofuata 2, na kuendelea. Mkishafanya hivyo kwa kila karatasi, jumlisheni nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Katika mfano wetu namba 4 inapata 1, 1, 1, 1 na tuseme 3 kwa yule wa tano, jumla 7. Namba 7 inapata 2, 2, 2, 2 na 1, jumla 9. Jaji wa tano bado kasikika, lakini sauti yake ni moja kati ya tano. Jumla zikilingana, tazameni nani kawekwa wa kwanza na majaji wengi zaidi. Zikilingana tena, zawadi igawanywe.

Kuna jambo lingine huwaonea washindani bila mtu kugundua, nalo ni zamu. Nyumba ya kwanza mara nyingi hupewa alama za wastani, maana jaji anabakiza alama kwa ajili ya yatakayokuja. Wapelekeni kwanza kwenye nyumba mbili zisizoshindana, watoe alama za mazoezi, wazilinganishe na kuulizana sababu. Baada ya hapo wasishauriane tena. Wawili waanzie mwanzo wa mtaa, watatu waanzie mwisho.

Majaji watoke mtaa mwingine: mpambaji wa kumbi za harusi, fundi rangi, mwalimu wa sanaa, watu wanaoijua kazi. Waonyesheni orodha ya washindani siku moja kabla. Mwenye shemeji au mpangaji wake humo aondoke, na jaji wa akiba achukue karatasi nzima. Asimpishe kwa nyumba hiyo moja tu, kwani nafasi zitavurugika.

Sisi ni wapangaji sita, nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati. Tunaingia kama nani? (Mama wa watoto watatu, Buguruni)

Mama, ingieni kama nyumba moja kwa jina la namba ya nyumba, wote sita mkubaliane na mwenye nyumba apewe taarifa kabla hamjagusa rangi. Iombeni kamati zawadi iwe kitu cha kutumika pamoja, kama umeme wa LUKU kwa mita yenu au viti vya plastiki. Pesa taslimu huleta maneno ukumbini.

Tungependa kufanya wakati wa Idi, lakini mwezi hatujui utaandama lini. Tutangaze tarehe gani? (Msomaji, Tanga)

Msitangaze tarehe, tangazeni "Idi pili, baada ya alasiri". Idi mosi ni ya sala, wageni na jikoni, na hakuna atakayewafungulia majaji mlango kwa raha. Jaji wa akiba muhimu hapa, watu husafiri.

Mshindi wa pili akidai kaonewa, tumwonyeshe karatasi? (Mjumbe, Kinondoni)

Mwonyesheni. Tena bora zaidi, bandikeni jedwali la nafasi kwenye ubao wa serikali ya mtaa siku hiyo hiyo, majaji wakiitwa A, B, C, D na E bila majina. Wapeni watu saa 24 za kukagua hesabu. Kosa la kujumlisha likionekana, lirekebishwe na zawadi ihame. Kwa sababu hiyo zawadi itolewe baada ya muda huo kwisha. Lakini malalamiko ya "yangu ilikuwa nzuri zaidi" kamati haiyasikilizi, na hilo nalo liandikwe kwenye fomu anayosaini kila mshindani.