Tangi la dizeli lililolala: robo ya fimbo si robo ya mafuta

Wenye mashine za mbao huku Mafinga huniuliza swali lilelile mara kwa mara: "Tangi langu ni la lita elfu tano, fimbo imeishia robo, nimebakiwa na lita ngapi?" Wengi wanakuwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Robo ya elfu tano ni 1,250, basi. Jibu hilo ni sahihi kwa tangi lililosimama wima. Tangi lililolala ubavu, kama yalivyo mengi ya dizeli kwenye yadi zetu, likifika robo ya kimo chake halina hata lita elfu moja.

Nitumie tangi moja tu mpaka mwisho ili hesabu isikupotee. Kipenyo chake cha ndani ni sentimita 160, urefu wake wa ndani ni sentimita 250, na pande zake mbili za mwisho ni bapa. Likijaa hadi juu linabeba lita 5,027. Mafuta yakiwa katikati kabisa, uso wake una upana wa sentimita 160, kwa hiyo sentimita moja ya fimbo pale ni 160 mara 250 mara 1, sawa na lita 40. Yakishuka hadi sentimita 20 kutoka chini, uso umebaki na upana wa karibu sentimita 106, na sentimita moja ya fimbo ni lita 26 na nusu. Kwenye sentimita 5 ni lita 14 tu. Ndiyo maana jenereta ileile, yenye mzigo uleule, huonekana "kuanza kunywa" mafuta yanapokaribia kwisha. Nimeona mlinzi akihojiwa kwa sababu fimbo ilishuka sentimita 6 usiku mmoja wakati wiki iliyotangulia ilikuwa ikishuka 3. Matumizi hayakuwa yamebadilika. Fimbo ilikuwa imeingia sehemu nyembamba ya tangi.

Kupata lita kamili, litazame tangi kwa upande wa mwisho, pale linapoonekana duara. Mafuta yanajaza kipande cha chini cha duara hilo, kilichokatwa na mstari mnyoofu, yaani uso wa mafuta. Ukijua eneo la kipande hicho, unalizidisha kwa urefu wa tangi na kazi imekwisha. Ugumu wote uko kwenye eneo.

Chora mistari miwili kutoka kitovu cha duara hadi pale uso wa mafuta unapogusa ukuta wa tangi, kushoto na kulia. Sasa una umbo la kipande cha chapati: ncha iko kwenye kitovu, ukingo wa mviringo uko chini. Ndani yake mna vitu viwili. Juu kuna pembetatu isiyo na mafuta, kuanzia kitovu hadi kwenye uso. Chini kuna mafuta yenyewe. Kwa hiyo tafuta eneo la umbo zima, toa pembetatu, kinachobaki ni mafuta. Nusu kipenyo tukiita r, kimo cha mafuta kwenye fimbo h, urefu wa tangi L, eneo la mafuta A na ujazo wake V, kanuni inakuwa hivi:

```
A = r² × acos((r − h)/r) − (r − h) × √(2rh − h²)
V = A × L
```

Sehemu ya kwanza ni kile kipande kizima, ya pili ni pembetatu. Hiyo acos ndiyo kitufe kilichoandikwa cos⁻¹ kwenye kikotoo: unakipa uwiano, kinakurudishia pembe.

Turudi kwa yule aliyesoma robo. Nusu kipenyo ni 80 na fimbo imesoma 40. Kutoa 40 kwenye 80 kunabaki 40, ukigawanya kwa 80 unapata 0.5. Pembe yake ni nyuzi 60, ambazo kwa radiani ni 1.0472. Zidisha kwa 6,400, ambayo ni 80 mara 80, upate 6,702. Hapo pembeni, 2rh − h² ni 4,800, kipeuo chake cha pili ni 69.28, mara 40 ni 2,771. Toa, ubaki na sentimita za eneo 3,931. Zidisha kwa urefu wa 250, kisha gawanya kwa 1,000 ili sentimita za ujazo ziwe lita. Jibu ni lita 983. Aliyedhani ana robo ya 5,027, yaani 1,257, amekosea kwa lita 274, na kama alipanga mafuta ya wiki kwa hesabu ile, jenereta itazima kabla ya siku aliyoitarajia.

Hapo kwenye pembe ndipo watu wengi huanguka. Kikotoo kikiwa kwenye nyuzi kitakupa 60, ukizidisha hiyo moja kwa moja utapata zaidi ya lita 95,000 kwenye tangi la elfu tano. Ukiona jibu la namna hiyo, usianze upya: zidisha ile 60 kwa pai, gawanya kwa 180, utapata 1.0472 yako. Kwenye Excel au Google Sheets tatizo hilo halipo, kwa sababu ACOS hutoa radiani yenyewe. Andika visomo vya fimbo kwenye safu ya A kuanzia A2, na pembeni yake, kwenye B2, weka hii:

```
=(80^2*ACOS((80-A2)/80)-(80-A2)*SQRT(2*80*A2-A2^2))*250/1000
```

Ivute hadi chini, kuanzia 0 hadi 160, uchapishe, uibandike stoo. Kabla hujaiamini, angalia mistari mitatu: kwenye 0 iseme 0, kwenye 80 iseme 2,513, kwenye 160 iseme 5,027. Mafuta yakipita nusu huhitaji kanuni nyingine. Pale r − h inakuwa hasi, na ile pembetatu inajiongeza yenyewe badala ya kutolewa. Anayefanya kwa mkono anaweza kupiga hesabu ya sehemu tupu ya juu kwa njia ileile, kisha akaitoa kwenye lita zote.

Nilisimama kwenye yadi moja siku boza lilipokuwa linashusha lita 3,000. Kabla ya kushusha, fimbo ilisoma 40. Baada ya kushusha ilisoma 118.3. Mwenye mali alikuwa na hesabu yake: lita 5,027 kugawanya kwa sentimita 160 ni lita 31.4 kila sentimita, fimbo imepanda 78.3, kwa hiyo yameingia lita 2,460. "Kijana, lita 540 umeziacha njiani?" Dereva alijibu kwa utulivu, "Mzee, sili zote umezikata mwenyewe, na chemba umeiona imekauka." Mzee hakusikia. Simu ya kwenda polisi ilikuwa tayari mkononi.

Niliomba dakika chache. Sehemu tupu ya juu ilikuwa 160 kutoa 118.3, yaani sentimita 41.7, na hiyo kwa kanuni ni lita 1,042. Kwa hiyo tangini mlikuwa na 3,985. Toa zile 983 zilizokuwamo mwanzo, zimeingia 3,002. Hizo mbili za ziada hazina maana yoyote, kwa sababu kwenye kimo kile milimita moja tu ya fimbo ni lita 3 na nusu, na hakuna jicho linalosoma fimbo yenye dizeli kwa usahihi kuliko hapo. Mzee aliisoma hesabu mstari kwa mstari, akaweka simu mfukoni, akamwomba radhi yule kijana mbele ya wote.

Ninachotaka wenye matangi wakikamate ni kwamba hesabu ileile ya 31.4 inaweza kumficha mwizi. Tangi likiwa tupu, ukaletewa mafuta hadi fimbo ikasoma 40, hesabu hiyo itakuambia umepokea 1,257 na utasaini kwa furaha. Umepokea 983.

Kanuni ikishakuwa sawa, makosa yanayobaki ni ya vipimo. Watu hupima tangi kwa nje. Bati la milimita 5 linakula sentimita nzima ya kipenyo, kwa hiyo toa unene wa bati pande zote mbili kabla hujaandika 160. Kama pande za mwisho zimebinuka nje badala ya kuwa bapa, tangi linabeba zaidi ya kanuni inavyosema, na ile sehemu ya kubinuka inahitaji hesabu yake.

Kisha kuna mwinamo. Matangi mengi huwekwa yakiwa yameinama kidogo makusudi, ili maji na uchafu vikusanyike upande wenye koki ya kumwagia. Tundu la fimbo likiwa katikati ya urefu wa tangi, mwinamo hauna neno, maana kinachopungua upande mmoja kinaongezeka upande wa pili. Likiwa mwishoni, ndipo unapodanganywa. Chukua mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi, pima tofauti ya kimo kati ya mwisho mmoja na mwingine. Tuseme ni sentimita 4 na tundu liko upande wa chini: fimbo inasoma zaidi kwa sentimita 2, ambazo mafuta yakiwa nusu ni lita 80. Toa hizo 2 kwenye kila kisomo kabla ya kwenda kwenye jedwali. Marekebisho haya yanafaa mradi mafuta yanagusa pande zote mbili za mwisho. Yakiwa chini sana, upande wa juu unakuwa mkavu na hesabu hiyo haishiki tena.

Jedwali hili ni la kujisimamia wewe mwenyewe. Ukiwa unauza mafuta kwa watu, tangi linatakiwa lihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Kupima kama jedwali lako linasema kweli, ngoja fimbo isome 40, kisha mimina lita 200 ulizozipima kwa chombo unachokiamini. Subiri uso utulie, pima tena. Fimbo inatakiwa ipande kati ya sentimita 5.6 na 5.7. Ikipanda 5 tu, tangi lako ni kubwa kuliko ulivyoandika, na mara nyingi kosa liko kwenye urefu. Ikipanda 6 au zaidi, tangi lako ni dogo kuliko ulivyoandika: rudi na utepe.