Kodi ya miezi mitatu: kutoka "habari dada" hadi barua ya deni

Mwenye vyumba vya kupangisha Ilomba, Iyunga au Uyole jijini Mbeya kwa kawaida hudai kodi kwa njia mbili tu. Kwanza hunyamaza kwa sababu anaona aibu, halafu siku hasira ikimshika anapiga simu usiku akifoka. Mpangaji naye huzoea kwamba kodi haina tarehe, ina hasira ya mwenye nyumba. Dawa yake ni ratiba iliyoandikwa tangu siku ya mkataba, ambayo ukali wake unapanda kwa kufuata kalenda.

Anza na tarehe yenyewe. Kwa mfanyakazi wa kuajiriwa, tarehe 1 inafaa kwa sababu mshahara wa mwisho wa mwezi bado upo mfukoni. Anayeishi kwa kuuza viazi au mpunga pesa yake huja na mavuno, na mwanafunzi wa chuo anasubiri boom. Waulize kabla ya kusaini. Ukimpangia mtu tarehe ambayo kila mara inamkuta hana kitu, hata ujumbe uandikwe vizuri namna gani hautasaidia.

Tuchukue chumba namba 4, kodi sh 60,000 kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu kwa pamoja, yaani sh 180,000. Tarehe ya mwisho ni Julai 1. Ujumbe wa kwanza unaenda siku 14 kabla, Juni 17. Wengi hukumbusha siku mbili au tatu kabla, na hapo wanakosea, kwa sababu laki moja na themanini haikusanywi kwa siku tatu. Ukimwambia Juni 17, mshahara wa Juni unamkuta ameshaupangia.

"Habari dada. Mkataba wa chumba namba 4 unaisha Juni 30. Kodi ya Julai hadi Septemba ni 180,000, mwisho wa kulipa Julai 1. Utaendelea?"

Hilo swali la mwisho lina kazi. Akijibu ndiyo, amekubali kiasi na tarehe kwa maandishi yake mwenyewe. Akisema anahama, una wiki mbili za kutafuta mpangaji mwingine.

Juni 28 unatuma kikumbusho kifupi chenye kiasi na tarehe. Julai 1 unatuma kingine: "Dada, leo ndiyo siku ya kodi ya chumba namba 4, sh 180,000. Ukishalipa nijulishe nikuandikie risiti." Tuma saa 3 au saa 4 asubuhi. Ujumbe wa usiku husomwa kama ugomvi hata ukiwa na maneno matamu.

Tumia ujumbe wa kawaida wa simu, maana wa WhatsApp hausomwi mtu asipokuwa na bando. Usizidishe herufi 160, na usiweke vikatuni vya kucheka au vya mikono: kimoja tu kinashusha nafasi hadi herufi 70, na ujumbe unaozidi hapo unakatwa na kutozwa kama miwili au mitatu.

Jambo moja lisivunjwe kabisa: usiandike namba ya kulipia ndani ya kikumbusho. Kila mwenye simu nchini ameshapokea ujumbe wa matapeli wa "ile kodi nitumie kwenye namba hii". Ukizoesha wapangaji kupokea namba kwa ujumbe, siku tapeli akituma ya kwake watalipa. Namba, pamoja na jina linalotokea wakati wa kutuma, vikae kwenye mkataba. Ikilazimu kuibadilisha, nenda mwenyewe na muandike upya, kila mmoja asaini. Mkataba pia useme kama kodi inatumwa na ya kutolea au la, la sivyo kila awamu itapungua elfu kadhaa na mtabishana juu yake.

Sasa, tarehe imepita. Watu hudhani kuwa imara ni kuongeza maneno makali. Kinachofanya kazi ni kuondoa ulaini: salamu inafupishwa, "dada" inatoka na "chumba namba 4" inaingia, na kila ujumbe unataja tarehe na hatua inayofuata. Usitaje hatua ambayo huna nia ya kuitekeleza. Ukisema "nitakuja kesho" usije, ujumbe wote uliobaki umepoteza uzito.

Tuseme Julai 3 mpangaji ametuma sh 100,000. Hapa ndipo ratiba nyingi hufa. Mwenye nyumba anashukuru, anasahau, anakumbuka Agosti. Mwandikie risiti siku hiyohiyo yenye namba mbili: nilichopokea 100,000, kilichobaki 80,000. Kisha ratiba inaendelea pale ilipokuwa, bila kurudi kwenye ulaini wa mwanzo. Julai 4:

"Chumba namba 4: nimepokea 100,000. Bado 80,000, tarehe imepita siku 3. Utamalizia lini? Nijibu leo kwa tarehe."

Akisema "mwisho wa wiki" au "nikipata", hiyo si ahadi. Ahadi ina kiasi na tarehe. Akitaja Julai 12, jibu: "Sawa, 80,000 ifike Julai 12," na unyamaze kabisa hadi siku hiyo. Kumsumbua katikati ni kuvunja makubaliano yako mwenyewe. Asipojibu lolote, Julai 8 piga simu au nenda, ukaongee naye mlangoni, wala si uani mbele ya wapangaji wenzake. Kuweka majina ya wadaiwa kwenye kundi la WhatsApp la nyumba humfanya mtu akukwepe, na huwafundisha wengine kwamba siri zao haziko salama kwako.

Julai 12 ikipita bila pesa, Julai 13 andika: "80,000 haijafika. Kesho saa 11 jioni naleta barua ya deni." Na uilete.

Barua ifanye hesabu ya siku. Sh 100,000 kwa kodi ya 60,000 ni mwezi mmoja na theluthi mbili, kwa hiyo pesa yake inamfikisha Agosti 20. Iandike hivi: salio lilipwe kabla ya Julai 31, lisipolipwa mkataba utaishia Agosti 20. Hapo humtishi kwa neno lolote, unamwonyesha pesa yake inakoishia. Lakini kifungu cha namna hiyo lazima kiwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Toa nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Akikataa kusaini, mjumbe wa mtaa aandike kwamba imekabidhiwa mbele yake.

Kufuata siku kwa vyumba vinane au kumi, daftari linatosha. Anayetumia jedwali la kompyuta aweke kodi ya awamu nzima kwenye B, tarehe ya mwisho kwenye C, kilicholipwa kwenye D, na kwenye E hii:

```
=IF(D2>=B2,"",TODAY()-C2)
```

Namba hasi ni siku zilizobaki, chanya ni zilizopita, na nafasi tupu ni aliyemaliza.

Usifunge kufuli mlangoni, usikate umeme, usitoe vyombo nje. Kumwondoa kwa nguvu mtu anayekataa kuhama kunahitaji amri ya baraza au mahakama, na ukijichukulia hatua, wewe mwenye kudai unageuka mshtakiwa. Agosti 20 ikipita naye bado yumo, peleka suala ofisi ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, risiti ya 100,000, ujumbe wote kuanzia ule wa Juni 17, na nakala ya barua yenye saini.